Gari yako imefungwa klampu kwenye pakingi ya mtu binafsi, anza hivi

Unarudi kwenye gari unakuta klampu imeng'ang'ania tairi la mbele na stika kubwa imebandikwa kioo cha upande wa dereva, alafu mlinzi anakuambia kalipe ofisini ndo ufunguliwe. Wengi hapo wanafanya moja ya vitu viwili, ama wanalipa kimya kimya wakinung'unika, ama wanapandisha sauti mpaka watu wanafungua madirisha ya ghorofani. Vyote viwili vinakupotezea haki zako. Swali la kuuliza ni moja tu na majibu yake ndo yanaongoza hatua zote za huku chini: huyu mwenye eneo kapata wapi ruhusa ya kushika gari yangu?

Askari wa barabarani akifunga gari yako ana sheria iliyompa kazi hiyo. Mwenye jengo, meneja wa apatimenti au kampuni ya ulinzi waliyoiajiri kwa kawaida hawana sheria ya namna hiyo, wanachoegemea ni kwamba wewe ULIKUBALI. Yaani uliona bango linasema ukipaki hapa bila kibali utafungwa na utalipa kiasi fulani, ukapaki hivyo hivyo, basi umekubali masharti. Bila kukubali kwako, kufunga gari ya mtu ni kuingilia mali yake. Ndo maana hatua nyingi za hapa zinahusu kutafuta ushahidi wa kama ulikubali au hukukubali, na ulikubali nini hasa.

Kabla ya yote, jua nchi uliyopo inasemaje

Hili halina njia ya mkato kwasababu nchi zinatofautiana sana. Uingereza na Welisi tangu 1 Oktoba 2012 ni kosa la jinai kufunga klampu au kuvuta gari kwenye ardhi ya mtu binafsi bila mamlaka ya kisheria, hata kama kuna bango kubwa kama ukuta. Uskoti waliwahi kufika huko mapema zaidi, mwaka 1992 mahakama yao ilisema kumfungia mtu gari kwenye eneo binafsi ili alipe ndo umfungulie ni kudai pesa kwa vitisho na ni wizi pia. Ayalandi wao wameruhusu, ila tangu 2015 wana sheria maalum ya klampu inayotaka mabango yaeleweke na inampa dereva rufaa ya ngazi mbili, kwanza kwa wenye pakingi wenyewe na ukikataliwa unaenda kwa mamlaka ya usafiri.

Kwahiyo mtu akikutumia video ya dereva wa Uingereza anakata klampu na kusema "ni haramu hii", usiibebe kama ilivyo kwenda nayo getini kwenu. Tafuta kwanza kama nchi yako ina sheria inayotaja klampu kwenye maeneo binafsi. Ikiwepo, fuata hiyo. Isipokuwepo, ndo tunarudi kwenye lile swali la kukubali, na nchi nyingi zilizorithi sheria ya Kiingereza mahakama zake zinaweza kuangalia kesi za zamani za huko japo hazilazimiki kuzifuata. Kesi mbili nitazitumia hapa kwasababu zinafundisha vizuri kuliko maelezo yangu.

Kuhusu sheria za barabarani, watu wanachanganya sana hapa. Kuna wanaodhani ukishapita geti la kampaundi umetoka kwenye mikono ya sheria ya trafiki. Sio hivyo. Sehemu nyingi kipimo ni kama umma unaingia pale, sio nani ana hati ya kiwanja. Pakingi ya supamaketi ambayo yeyote anaingia ni sehemu ya umma kwa makosa mengi ya udereva, ukiendesha umelewa pale au ukiendesha kwa fujo unashtakiwa kama vile ulikuwa barabarani. Kampaundi yenye geti lililofungwa inayoingiza wakazi na wageni wao tu ni habari nyingine, huko sheria ya trafiki inaweza isifike kabisa au ifike kwa makosa machache. Bima nayo iangalie. Uingereza kulikuwa na kesi hadi mahakama ya juu kabisa mwaka 1998 ikaamuliwa kwamba pakingi sio "barabara" kwa maana ya bima ya lazima, ikabidi sheria ibadilishwe mwaka 2000 iongezwe maneno ya sehemu nyingine za umma. Soma bima yako inasemaje kuhusu ajali ya kwenye eneo binafsi kabla hujahitaji kujua.

Alafu kinyume chake pia ni kweli: ile mistari ya njano, kibao cha spidi 10, namba za nafasi zilizochorwa chini kwenye kampaundi, hizo kwa kawaida sio alama za serikali. Ukizivunja hujavunja sheria ya trafiki, umevunja masharti ya mwenye eneo, na mwenye eneo hawezi kukuandikia "faini" kwa maana ya faini ya serikali. Anachokudai ni deni la makubaliano. Karatasi yao inaweza kuwa imepambwa na nembo na miraba myeusi na myeupe ifanane na ya polisi, soma nani kaitoa.

Sasa tuchukue mfano mmoja twende nao

Tuseme umeenda kumsalimia shemeji yako kwenye apatimenti jioni. Getini mlinzi kakuandika kwenye daftari la wageni, namba ya gari na saa 12:40, kakuuliza unaenda nyumba gani, alafu akanyoosha mkono kule nyuma akasema "paki pale bosi". Umepaki nafasi namba 14. Saa 2 usiku unashuka unakuta klampu. Meneja kwa simu anasema nafasi 14 ni ya mkazi na bango lipo, lipa 5,000. Bango lipo kweli, limepigwa misumari kwenye nguzo nyuma ya pale ulipopaki, na limeandikwa ada ya kufunguliwa ni 3,000.

Hatua ya 1: usiguse gari, piga picha

Kabla hujaongea na mtu. Picha ya gari nzima na namba ya nafasi ionekane, picha ya klampu kwa karibu, picha ya stika na saa iliyoandikwa. Rimu na ukingo wa bodi juu ya tairi vipige kwa tochi kila upande maana klampu zikifungwa kwa haraka zinakwaruza rimu na wakati wa kufungua watasema mikwaruzo ilikuwepo.

Alafu bango. Hapa watu wanakosea, wanaenda kusimama mbele ya bango wanalipiga picha likiwa limejaa kwenye skrini, picha hiyo inamsaidia mwenye jengo kuliko wewe. Rudi getini, inama hadi usawa wa macho ya dereva aliyekaa, piga picha ya njia nzima kama uliyoiona ukiingia. Kisha simama kwenye mlango wa dereva pale namba 14 upige kuelekea lilipo bango. Kama ni usiku usitumie flashi kwanza, piga moja bila flashi ionekane kama kuna taa au hakuna. Kama kuna gari au mti umeziba, upige huo mti.

Sababu ya kusumbuka hivi ni kesi ya Vine dhidi ya halmashauri ya Waltham Forest, ya mwaka 2000. Huyu mama alijisikia vibaya njiani, akachepuka kwenye eneo binafsi akashuka kwenda kutapika, karudi baada ya dakika chache gari imefungwa. Bango lilikuwepo ukutani ila gari kubwa lilikuwa limepaki mbele yake likaliziba. Mahakama ya rufaa ikasema hakuliona kwahiyo hakukubali chochote, akalipwa fidia. Lakini mahakama hiyo hiyo ilisema pia kwamba bango likiwa wazi pale ambapo dereva lazima alione, kwa kawaida itachukuliwa kwamba ameliona. Kwa hiyo "mimi sikuliona" peke yake haitoshi, inabidi picha ioneshe kwanini usingeliona.

Hatua ya 2: tafuta aliyekuruhusu kuingia

Kwenye mfano wetu silaha kubwa kuliko bango ni lile daftari la getini. Mlinzi ni mtu wa mwenye jengo, amekuandika, amekuonesha pa kupaki. Kama mlinzi wao kakuelekeza pale, ni vigumu meneja asimame aseme umeingia bila ruhusa. Omba kupiga picha mstari wako kwenye daftari. Wakikataa, mwambie shemeji ashuke aone kwa macho yake na utume meseji kwa meneja hapo hapo ukitaja saa na jina ulilojiandikisha, ili baadae mstari usije ukapotea.

Kuwa muungwana kwa mlinzi. Kijana wa watu hana funguo za klampu na pengine ndo shahidi wako pekee, ukimtukana keshokutwa hatakumbuka kitu. Muulize taratibu tu, "kaka ulinielekeza pale au hapana?" na kama anakubali kuirudia sauti ikiwa inarekodiwa sawa, asipotaka usimlazimishe.

Kama wewe ni mkazi sio mgeni, cha kutafuta sio daftari ni mkataba wako wa kupanga. Mkataba ukisema una nafasi ya gari, au una haki ya kupita na kushusha mizigo, tangazo alilobandika meneja kwenye lifti miezi sita baadae haliwezi peke yake kukuondolea haki hiyo. Kuna kesi ya mwaka 2016 kule Oxford, mkazi alisimamisha gari mlangoni pa jengo lake ili abebe meza ya kuandikia aipandishe ndani, kampuni ya pakingi ikamdai. Jaji akasema kusimama kushusha meza sio kupaki, na haki alizopewa kwenye mkataba wa nyumba zinatangulia mabango ya kampuni. Ila soma mkataba vizuri, mingi ina kifungu kinachosema mpangaji atafuata kanuni za jengo "zitakazotolewa mara kwa mara", na hicho kinampa meneja nguvu kidogo, sio ya kukunyang'anya nafasi ila ya kupanga utaratibu kama stika na saa za wageni.

Hatua ya 3: ongea na mwenye mamlaka, kwa maswali manne

Piga simu namba iliyo kwenye stika au bango. Maswali ni haya: gari imefungwa saa ngapi, kwa kosa gani, ada ni kiasi gani na imeandikwa wapi, na nikilipa mnafungua baada ya muda gani. Andika majibu.

Haya maswali sijayatoa hewani. Ya pili kati ya zile kesi mbili nilizosema mwanzo ni ya Arthur dhidi ya Anker, ya miaka ya 90. Bwana Arthur alipaki kwenye eneo binafsi mji wa Truro, bango linasema wazi kufunguliwa ni pauni 40 na ukivutwa ni 90. Mahakama ya rufaa ilisema aliyeona bango na akapaki amekubali kufungwa, lakini ikaweka mipaka: ada iwe ya kiasi, gari isiharibiwe, ukiwa tayari kulipa ufunguliwe bila kucheleweshwa, na pawepo njia ya kumpata mtu wa kumlipa. Mipaka hiyo kwangu mimi ndo kipimo kizuri popote ambapo sheria haijasema kitu. Namba ya simu isiyopokelewa kuanzia saa 2 usiku hadi asubuhi ni tatizo lao, sio lako, ndo maana unapiga tena na tena na kuacha kumbukumbu ya simu ulizopiga.

Kwenye mfano wetu bango linasema 3,000 na meneja anasema 5,000. Kama ulikubali kitu, ulikubali kilichoandikwa. Hiyo 2,000 ya juu haina mahali ilipotoka, na unaweza kumwambia hivyo kwa meseji: "Bango lenu lina 3,000. Niko tayari kulipa hiyo sasa hivi huku nikipinga kufungwa, naomba mtu aje kufungua." Meseji hiyo fupi inafanya kazi mbili, inaonesha umejitolea kulipa na inaandika saa. Kila dakika wanayokuacha baada ya hapo inahesabika upande wao.

Usikate klampu

Najua fundi yupo na grainda anayo. Kwenye ile kesi ya Truro, Bwana Arthur alikataa kulipa, usiku gari ikaondoka pale pamoja na klampu mbili na kufuli zake. Akafungua kesi yeye, akashindwa, na akatakiwa kufidia klampu. Hata ukiwa na haki kwenye suala la kufungwa, kuharibu klampu ya mtu kunakuhamisha kutoka kuwa mlalamikaji hadi mshtakiwa, na polisi watakaofika wanaona klampu iliyokatwa, hawaoni bango lililozibwa.

Kuendesha na klampu ikiwepo ndo mbaya zaidi. Mkono wa klampu unaingia nyuma ya rimu, tairi likizunguka ile chuma inapiga bodi, inakunja madigadi, na kwa ndani inaweza kufika kwenye hosi ya breki. Ndo maana wanabandika stika kioo cha dereva, watu wanasahau kweli, hasa ikifungwa tairi la upande usiopita. Ukiona stika, zunguka gari nzima kabla hujawasha.

Hatua ya 4: lipa, lakini huku ukipinga

Mara nyingi hesabu inasema ulipe uondoke, uje udai baadae. Kukaa pale mpaka saa 6 usiku kwa kanuni kuna gharama, na wakiamua kuvuta gari deni linakua na ada ya kuhifadhi kila siku. Kulipa sio kukiri kosa ila lazima useme hivyo. Lipa kwa njia yenye kumbukumbu, simu au kadi, kwa jina la kampuni au jengo. Wakikupa namba binafsi ya mlinzi shtuka, hapo pengine meneja hajui hata kama gari ilifungwa. Kama ni keshi tu, hakuna risiti hakuna pesa.

Risiti iwe na jina la aliyepokea pesa kama kampuni, namba ya gari, saa ya kufungwa na ya kufunguliwa, kiasi na sababu. Juu ya nakala yao na yako andika kwa mkono "nimelipa huku nikipinga" na usaini. Wakikataa uandike, tuma maneno hayo hayo kwa meseji kabla hujatoka getini. Wakishafungua usiondoke haraka, angalia rimu, bodi na upande wa ndani wa tairi kwa tochi, piga picha tena. Kuna fomu wengine wanakupa inayosema "nimepokea gari ikiwa salama na sina madai yoyote", hiyo usisaini, au kata hayo maneno ya madai kisha usaini.

Hatua ya 5: dai pesa yako

Subiri hasira zishuke ila usisubiri zaidi ya siku chache, kwasababu video za kamera ya getini mara nyingi zinajifuta zenyewe baada ya muda. Kitu cha kwanza kwenye barua ni kuomba wahifadhi video ya muda fulani, taja saa kamili. Barua iende kwa mwenye jengo au kamati ya wakazi, nakala kwa kampuni ya klampu, maana kampuni ni wakala na mwenye jengo ndo aliyewaita.

Kwa mfano wetu barua haizidi nusu ukurasa. Niliingia saa 12:40 nikaandikishwa getini, mlinzi wenu akanielekeza nafasi 14. Bango lipo nyuma ya nafasi na halionekani ukiingia, picha nimeambatanisha. Nilidaiwa 5,000 wakati bango lina 3,000. Nilijitolea kulipa saa 2:15 nikafunguliwa saa 4. Naomba nirudishiwe 5,000 yote na nauli ya teksi niliyotumia, risiti hii hapa, ndani ya siku 14. Basi. Usiandike kuhusu heshima yako wala jinsi watoto walivyolia.

Angalia jinsi madai yalivyopangwa. Hata wakikushinda kwenye hoja ya bango, bado hoja ya mlinzi ipo, hata wakishinda hiyo, 2,000 ya ziada bado unawadai na kucheleweshwa kupo. Meneja mwenye akili akisoma hivyo anajua kitu fulani atarudisha, na wengi wanarudisha ile ziada kwanza. Ukiipokea, waandikie kwamba umepokea kama sehemu ya deni.

Siku 14 zikipita kimya, njia ni mahakama ya madai madogo kama nchi yako inayo, wengi wanaingia bila wakili na vitu vinavyotakiwa ni hivyo ulivyokusanya tayari: picha, meseji, risiti, jina la mlinzi. Mshtaki mwenye jengo na kampuni kwa pamoja, ukimshtaki mmoja atasema mhusika ni yule mwingine. Na shemeji aje, yeye ndo aliyeshuka kuona daftari.